Bega linalofika mbali: kwa nini kiungo kinachonyumbuka sana kinadai kazi zaidi ya misuli

Kila inapokaribia katikati ya mwaka, timu za shule za sekondari za Mtwara na Lindi zinapoanza kujiandaa kwa UMISSETA, huzuka ubishi uleule pembeni mwa viwanja vya mpira wa pete. Yupo binti ambaye mkono wake unakwenda nyuma ya kichwa mbali kuliko mikono ya wenzake wote, anayeweza kushika ncha mbili za kanga mbele ya mapaja, kuizungusha juu ya kichwa na kuifikisha nyuma ya kiuno bila kukunja viwiko wala kuachia, na kila mtu anasema kwamba huyo amezaliwa na bega la mchezo. Siku bega hilo likichomoka, watu walewale hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hudai kwamba binti hakunyooshwa vya kutosha kabla ya mchezo, hivyo azidishiwe mazoezi ya kunyoosha. Kundi la pili hudai kwamba viungo vyake ni vilegevu kwa kuzaliwa, hivyo aache kabisa michezo, akae atulie. Makala haya yanaeleza kwa nini makundi yote mawili yanakosea, na kwa nini yanakosea kwa sababu moja.

Yako maneno matatu ambayo yasipotenganishwa mapema huvuruga mazungumzo yote. Mwendo wa kiungo ni umbali ambao mifupa inayokutana kwenye kiungo hicho inaweza kuzunguka, kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Uthabiti ni uwezo wa mifupa hiyo kubaki imekutana mahali pake hata pale nguvu inapotaka kuitenganisha, na uthabiti haumaanishi ukakamavu, kwa sababu kiungo kinaweza kuwa kinatembea kwa kasi kubwa na bado kikawa thabiti. Ulegevu wa kiungo, neno la tatu, ni hali ya kifuko kinachokizunguka kiungo, pamoja na ligamenti zake, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, kuruhusu mifupa isafiri mbali kuliko kawaida kabla ya kukaza na kuizuia. Ulegevu wa namna hii ni sifa ya kamba hizo, wala haumaanishi kwamba misuli ni dhaifu. Mtu mwenye ligamenti legevu anaweza kuwa na misuli yenye nguvu sana, na kwa kweli, kama tutakavyoona, huyo ndiye anayeihitaji zaidi.

Mwili wenyewe umefanya uamuzi tofauti katika sehemu mbili zinazofanana kwa umbo. Nyonga na bega vyote ni viungo vya tufe na kikombe, yaani mfupa mmoja una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye shimo la mfupa mwingine. Kwenye nyonga kikombe ni kirefu, kinafunika karibu nusu ya tufe, na ligamenti zinazokizunguka ni miongoni mwa zilizo imara kuliko zote mwilini. Ndiyo maana nyonga ya mtu mzima mwenye afya haichomoki kwa kuteleza tu, na mara nyingi ikichomoka ni kwa ajali kubwa ya gari au pikipiki. Gharama yake ni kwamba mguu hauendi kila mahali. Kwa watu wengi kuupeleka pembeni hufika digrii 45 hivi, kisha mfupa na ligamenti hukataa. Bega lina kikombe kifupi, kidogo na karibu bapa. Wakati wowote ule ni kati ya robo na theluthi tu ya tufe la mfupa wa mkono wa juu inayogusana na kikombe hicho. Kwa gharama hiyo mkono hupanda pembeni hadi kuelekea juu kabisa, digrii 180 au karibu na hapo, hufika mgongoni, huvuka kifua, hurusha na hubeba. Bega ndilo kiungo kikubwa kinachochomoka mara nyingi kuliko vingine vyote, na halikukosewa kuumbwa, maana uhuru wa mkono umenunuliwa kwa ufupi wa kikombe.

Mbio za ndimu kwenye kijiko ambazo wengi wetu tulikimbia shule ya msingi zinatusaidia kuliona bega lilivyo, hata kwa vipimo, kwa sababu ndimu kubwa na tufe la mkono vinakaribiana, na kijiko cha mezani kina ufupi na umbo la yai kama kikombe cha bega. Kuizunguka kingo ya kikombe upo ukanda wa gegedu unaoongeza kina chake kwa kiasi cha nusu hivi, lakini hata ukiuhesabu, bado tunazungumzia ndimu juu ya kijiko. Mtoto anayekimbia haidondoshi ndimu yake kwa sababu mbili. Anausogeza mkono ili kijiko kibaki chini ya ndimu kila inapotaka kubiringika, na mwenye ujanja (ambao mwalimu akiuona humtoa mchezoni) huikandamiza ndimu kwa kidole gumba. Bega hufanya yote mawili, na kwake ni halali.

Kukandamiza hufanywa na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, na kulizunguka tufe kwa mbele, juu na nyuma, ambako kano zake huungana na kuwa kama mkono wa nguo uliobana. Misuli hii haina umaarufu, kwa sababu haionekani mtu anapovua shati. Msuli unaoonekana, ule mnene unaolipa bega umbo lake la nje, ndio unaopandisha mkono, lakini mkono ukiwa bado uko chini msuli huo huvuta tufe kwenda juu zaidi kuliko unavyolizungusha. Ukiachiwa peke yake ungelisukuma tufe ligonge paa la mfupa lililo juu yake. Misuli midogo minne hulivuta tufe ndani na chini kwa wakati uleule, hivyo badala ya kuteleza, tufe huzunguka mahali pake, na huenda likahama kwa milimita chache tu wakati mkono umesafiri nusu duara.

Kusogeza kijiko ni kazi ya misuli inayolibeba kombe la bega lenyewe. Mkono unapopanda hadi juu, takriban theluthi mbili ya safari hiyo hufanyika kwenye tufe na kikombe, na theluthi moja hutokana na kombe kuzunguka juu ya mbavu ili kikombe kiendelee kuwa chini ya tufe. Kombe likichelewa au likibaki nyuma, kijiko kimeinama na ndimu imeanza safari yake.

Msomaji atauliza, ligamenti ziko wapi katika habari hii? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ligamenti na kifuko cha bega hukaza mwishoni mwa mwendo tu. Katikati ya mwendo, ambako mkono hufanya sehemu kubwa ya kazi za kila siku, hulegea, na ni lazima zilegee, kwani zingekuwa zimekaza kila mahali bega lisingezunguka hata kidogo. Kwa hiyo kila kiungo kina eneo la katikati ambalo kamba hazizuii chochote, na katika eneo hilo kinachoweka mifupa mahali pake ni msuli pamoja na ufahamu wa wakati gani uvute na kwa nguvu gani. Mtafiti Manohar Panjabi, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Yale, aliliweka wazo hili vizuri mwaka 1992 alipoandika kuhusu uti wa mgongo. Alisema kwamba uthabiti unatoka katika sehemu tatu, yaani mifupa na kamba zake, misuli, na mfumo wa fahamu unaoiongoza misuli, na kwamba sehemu moja ikipungua nyingine zinaweza kuziba pengo, ila kwa kufanya kazi zaidi. Aliandika kuhusu mgongo, lakini hesabu hiyo inalifaa bega pia.

Sasa mrudishe yule binti wa kanga. Ligamenti zake zimeumbwa kwa kolajeni, protini inayotengeneza kamba za mwili, ambayo kwake inanyooka zaidi. Kwa mwenzake kamba za mbele ya bega zinakaza mkono unapozunguka nje kwa digrii 90, na zinamwambia, hapa ndio mwisho. Kwake zinakaza digrii 110 au zaidi. Watu wanaziona digrii hizo 20 za ziada kama zawadi, na kwa mchezo ni zawadi kweli, lakini ni digrii 20 ambazo hakuna kamba inayomlinda. Na eneo huru la katikati halijapanuka mwishoni tu. Tufe lake linaweza pia kuteleza mbele, nyuma na chini zaidi ndani ya kikombe. Kila sentimita aliyopewa ya kusafiri imekabidhiwa kwa misuli ile minne kuilinda, na misuli hiyo si mikubwa kuliko ya mwenzake.

Lipo deni la pili, nalo halionekani. Ndani ya ligamenti, kifuko na misuli mna vihisio vinavyouarifu ubongo kiungo kiko wapi bila mtu kukitazama. Vile vya kwenye kamba huamka zaidi kamba inapovutwa. Kamba legevu huvutwa kwa kuchelewa, hivyo taarifa nayo huchelewa, na tafiti kadhaa za watu wenye viungo vinavyonyumbuka kupita kawaida zimeonyesha kwamba wengi wao hukosea zaidi wanapoambiwa, macho yakiwa yamefungwa, warudishe kiungo mahali kilipokuwa. Binti anaweza kuamini kwamba kiwiko chake kiko usawa wa bega ilhali kiko nyuma ya bega. Kwa mwingine kosa hilo halina madhara, maana kamba itamkatalia, lakini yeye hana wa kumkatalia.

Tena kuna suala la muda. Tangu kihisio kishtuke hadi msuli uvute kwa nguvu ya kutosha hupita kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mkono unaorusha mpira kwa nguvu humaliza sehemu yake ya kasi kwa muda mfupi kuliko huo. Maana yake ni kwamba msuli unaosubiri kuambiwa kuna hatari utafika baada ya bega kuchomoka. Kinachookoa bega ni misuli midogo kuanza kukandamiza tufe kabla mkono haujaondoka, na mwili uliozoea tendo fulani hufanya hivyo wenyewe bila mtu kuwaza. Nikisema kwamba bega linyumbufu linahitaji udhibiti zaidi, sizungumzii ukubwa wa msuli peke yake. Nazungumzia pia mpangilio, yaani nani atangulie, nani afuate na nani alegeze. Mcheza sindimba hodari anaonyesha jambo hili kiunoni, kwani kinachowashangaza watazamaji, zaidi ya umbali anaoufikisha, ni jinsi anavyoweza kusimamisha mwendo papo hapo ngoma inapokata.

Hapo ndipo tunapoweza kulijibu kundi la kwanza, la watetezi wa kunyoosha. Wanacho kitu kimoja cha kweli, kwa sababu mabinti wa aina hii mara nyingi hulalamika kwamba shingo na juu ya mabega kunawabana, na wakinyooshwa au wakichuliwa hujisikia vizuri kwa saa chache. Lakini kinachobana hapo ni msuli uliochoka, ambao umekuwa ukishika siku nzima mzigo ambao kwa wengine hushikwa na kamba. Si kwamba msuli huo ni mfupi. Ukiunyoosha umeutuliza kwa muda, na ukikivuta kiungo chenyewe mpaka mwisho wake umezidi kuzilegeza kamba ambazo tayari zinachelewa. Asubuhi msuli unarudi kazini na kubana upya. Binti wa kanga hana sababu yoyote ya kuongezewa mwendo katika bega, na mwalimu anayempima kwa umbali anaofika anapima kitu ambacho tayari kimezidi.

Tuchukue sasa mfano mmoja tuufuate. Mchezaji ana miaka 17, anacheza katikati, na pasi yake kubwa ni ile ya mkono mmoja kutoka juu ya bega. Miezi kadhaa iliyopita, akinyanyua ndoo ya maji kuitoa kichwani, alihisi bega la kulia likiteleza na kurudi lenyewe. Hakumwambia mtu. Kisha mazoezini, mpinzani aliugusa mkono wake ulipokuwa nyuma tayari kurusha, mpira ukamtoka, na mkono ukaning'inia kando huku vidole vikifa ganzi.

"Mwalimu, mkono umekufa," alisema. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, unyooshe nyooshe utarudi."

Mkono ulirudi kweli baada ya dakika chache, na huko kufa kwa muda ni dalili inayojulikana, yaani tufe limeteleza hadi kwenye kingo, likavuta mishipa ya fahamu, kisha likarejea. Pozi lenyewe si la bahati mbaya pia. Zaidi ya mara tisa katika kumi bega huchomokea mbele, na linalolipeleka huko kwa kawaida ni mkono ulioinuliwa pembeni na kuzungushwa nje kisha ukasukumwa nyuma, ambalo ndilo pozi la kurusha.

Mtaalamu wa fiziotherapia anayempokea huanza kwa kuutazama mwili mzima kabla ya kuligusa bega. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kina alama 9, na kinaitwa kwa jina la Peter Beighton, daktari aliyekichapisha pamoja na wenzake mwaka 1973 baada ya kuwapima watu wa jamii ya Watswana Afrika Kusini. Alama moja kwa kila mkono ambao kidole kidogo kinapindika nyuma kupita digrii 90, moja kwa kila kidole gumba kinachogusa mkono wa mbele, moja kwa kila kiwiko na moja kwa kila goti linalopinda kinyume kupita digrii 10, na moja ya mwisho kwa anayeweza kuweka viganja vyote sakafuni bila kukunja magoti. Kwa mtu mzima alama 5 na kuendelea huhesabiwa kuwa viungo vinanyumbuka kupita kawaida, na kwa watoto ambao hawajabalehe kiwango huwekwa 6, kwa kuwa watoto wote ni walaini. Mchezaji wetu anapata 6. Namba hiyo isimtishe mtu. Wanawake hupata alama nyingi kuliko wanaume, vijana kuliko wazee, na watu wa asili ya Afrika na Asia kuliko wa asili ya Ulaya, na walio wengi hawana ugonjwa wowote. Tena kipimo hiki hakiligusi bega hata kidogo, kwa hiyo bega lazima lipimwe lenyewe.

Akiwa ameketi, mikono imelegea mapajani, mtaalamu anakivuta kiwiko chake chini taratibu. Chini ya ncha ya mfupa wa bega, pale ngozi ilipokuwa imejaa, kinatokea kishimo ambacho ncha ya kidole inaweza kutulia ndani yake, na akiambiwa akaze msuli kishimo hufutika. Hilo moja linasema mengi, kwamba kamba zimeachia nafasi na msuli unaweza kuiziba. Kisha analazwa chali, mkono unapelekwa polepole kwenye pozi la kurusha, na macho ya mtaalamu yanautazama uso zaidi ya mkono. Binti hasemi kwamba anaumia. Anakunja uso, anashika mkono wa mtaalamu, anataka tendo lisiendelee. Hofu hiyo ya ghafla ni ishara bora ya bega lisilotulia kuliko maumivu yenyewe. Vipimo hivi visijaribiwe nyumbani na ndugu au mwalimu, kwa sababu mkono mzito unaweza kumaliza kazi ambayo mpinzani uwanjani aliianza.

Mazoezi yake yanaanza mahali ambapo watu hawatarajii, mkono ukiwa chini, kiwiko kimekunjwa ubavuni, bila mwendo wowote. Anasimama karibu na ukuta na kuusukuma kwa mgongo wa mkono kama anayetaka kuuzungusha nje, kisha anageuka na kuusukuma kwa kiganja kuelekea ndani, kwa nguvu isiyozidi nusu ya aliyonayo, akihesabu hadi 10 na kupumzika. Nguvu ndogo hutumika kwa makusudi. Akisukuma kwa nguvu zote, misuli mikubwa ya kifua na mgongo huingia na kuwanyang'anya wale wadogo kazi, na kifua kikivuta peke yake hulivuta tufe mbele, kulekule kwenye hatari. Pia anaegemea ukuta kwa viganja viwili, viwiko vimenyooka lakini havijapinduka nyuma, na kuhamisha uzito kushoto na kulia. Uzito wa mwili unalikandamiza tufe kwenye kikombe, na katika hali hiyo ya usalama misuli inajifunza kufanya hivyohivyo.

Baada ya wiki mbili au tatu za namna hiyo, mwendo unaingia. Hapa Mtwara hakuna haja ya kusubiri vifaa. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli chenye urefu wa mita moja, kilichofungwa kwenye nguzo usawa wa kiwiko, kinatosha. Kanga iliyokunjwa inabanwa kati ya kiwiko na mbavu, ili ikidondoka ajue kwamba kiwiko kimehama. Anavuta kuelekea nje, kisha anarudi polepole kwa hesabu ya nne, kwani kurudi ndiko kunakofundisha kuushika mkono unaokimbia. Mara 10 hadi 12, duru tatu, siku tatu kwa wiki. Anaposimama kwenye pozi, kombe la bega huwekwa kwanza, likikaa bapa juu ya mbavu bila kupandishwa kuelekea sikio. Atatetemeka mwanzoni, na mtetemeko huo mdogo ni mfumo wa fahamu ukitafuta kipimo cha nguvu. Ukiendelea kila siku hadi duru ya mwisho, mpira ni mzito mno, apunguze.

Hatua zinazofuata ni kupandisha kiwiko kidogokidogo, kwanza digrii 45 kutoka ubavuni, baadaye usawa wa bega, na ni hapo tu ndipo anapolikaribia pozi lililomuumiza. Mwisho wake wa kwenda nyuma huwekwa pale mkono unapokuwa bado unaonekana kwa pembe ya jicho, hata kama kamba zinamruhusu kwenda mbali zaidi, kwa kuwa ukomo ambao kamba hazimpi lazima ajifunze kujiwekea. Kisha mwenzake huanza kuugusagusa mkono wake kutoka pande asizozitarajia, naye kazi yake ni kutoruhusu usogee, macho wazi kwanza na baadaye yamefumbwa. Kudaka mpira laini mikono ikiwa juu kunafuata, kisha pasi fupi, kisha pasi kamili.

Muda una ngazi zake, na watu huachia njiani kwa kutozijua. Nafuu ya wiki nne hadi sita za kwanza hutokana zaidi na ubongo kujifunza kuiita misuli kwa wakati wake, misuli yenyewe ikiwa bado haijanenepa. Unene huanza kuhesabika baada ya miezi miwili au mitatu. Mchezaji anayejisikia vizuri wiki ya tano na kurudi uwanjani anacheza kwa mpangilio mpya ambao misuli yake haijaweza kuushikilia kwa dakika zote za mchezo. Bega lake litakuwa salama robo ya kwanza na hatarini robo ya nne, kwa sababu msuli uliochoka unachelewa, na yeye, tofauti na wenzake, hana kamba ya kungojea nyuma ya msuli huo. Kwa hiyo majaribio ya kurudi uwanjani hufanywa akiwa amechoka. Miezi mitatu hadi sita ni makadirio ya kweli. Ishara kwamba mzigo umezidi ni maumivu yanayokuwepo bado kesho yake asubuhi, bega linalopanda kuelekea sikio kila anapovuta, na ile hisia ya kuteleza kurudi. Mlio peke yake, usio na maumivu wala kuteleza, hauhesabiki. Viungo vinyumbufu hulia sana, na mlio huo hausagi mfupa wowote kama inavyosemwa mitaani.

Kundi la pili, lile linalotaka binti aache michezo, linajibiwa na maelezo hayohayo. Kupumzika hakuikazi ligamenti iliyozaliwa ikiwa legevu, lakini kunaudhoofisha msuli ambao ndio uliokuwa umebaki kazini. Binti aliyekatazwa uwanja bado atainua ndoo, atatwanga, atabeba mtoto mgongoni na kushika bomba la juu ndani ya daladala inayofunga breki, na bega lililokaa bure miezi sita litayakuta hayo yote likiwa limepungukiwa.

Yapo mabega ambayo mazoezi hayayatoshi. Bega lililochomoka kabisa kwa kishindo, mathalani kwa kuanguka, mara nyingi huchana ule ukanda wa gegedu wa mbele au kuvunja kipande cha kingo ya kikombe, na kijiko kilichomeguka upande mmoja hakishiki ndimu hata kidole kiwe hodari vipi. Kijana wa chini ya miaka 20 aliyechomoka namna hiyo ana uwezekano mkubwa wa kuchomoka tena, hivyo apigwe picha na aonane na daktari wa mifupa mapema ili suala la upasuaji lijadiliwe. Bega legevu ambalo halikupata kishindo hali yake ni kinyume. Kwake mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, na upasuaji wa kukaza kifuko huweza kulegea tena, kwa kuwa kolajeni ya kutengenezea kovu ni ileile. Na mwenye viungo vinyumbufu ambaye pia ngozi yake inavutika sana, makovu yake ni mapana na yenye ngozi nyembamba, au ni mrefu mwenye vidole virefu mno na matatizo ya macho au moyo katika ukoo, apelekwe hospitali kuchunguzwa magonjwa ya kurithi ya kolajeni na tishu zinazounganisha mwili, kama Ehlers-Danlos na Marfan, kabla hajapewa zoezi lolote zito.

Bega likiwa limechomoka na halijarudi, lisivutwe pale uwanjani na mchuaji wala mchezaji mwenzake. Mkono ufungwe kwa kanga kifuani katika namna isiyomuumiza, aguswe sehemu ya nje ya bega kujua kama anahisi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita hapo ndio unaoumia mara nyingi, vidole vyake vitazamwe kama vina joto na vinacheza, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Majibu ya maswali hayo mawili, anahisi au hahisi, vidole vinacheza au havichezi, aambiwe daktari pamoja na saa ambayo bega lilichomoka, kwani akishalirudisha atavipima tena na kulinganisha.